Kabla ya kumfundisha ukali, mwulize alikuwa amesimama wapi

*“Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na michezo katika shule ya sekondari ya bweni hapa Arua. Ninaandaa wanafunzi wanane wa S2 na S3 kuchezesha mashindano ya mpira wa miguu ya mabweni, na zimebaki wiki tatu. Sheria wanazijua, darasani wananijibu kila swali. Lakini Jumamosi msichana wa miaka 16 alitoa penalti dakika za mwisho baada ya mpira mrefu wa kipa. Alipiga filimbi akiwa bado karibu na duara la katikati. Wachezaji saba wakamzunguka, akawa anarudi nyuma huku akiwaeleza sheria, mwisho akasema ni kona. Mimi nilikuwa karibu na goli, ilikuwa penalti halali. Sasa hataki tena kushika filimbi. Wenzangu wanasema hana ukali. Nimfundisheje kuwa mkali, na hawa wengine niwaandae vipi?”*

Mwalimu, shikamoo na pole kwa Jumamosi hiyo. Umeniandikia jambo moja ambalo wenzako huenda hawakuliona, nalo ni kwamba filimbi ililia akiwa karibu na duara la katikati. Katika kiwanja cha kawaida cha shule, kutoka hapo hadi mahali mshambuliaji alipoangukia ni kama mita 25 hadi 30. Wachezaji hawakuhitaji kumwona ana woga ili wamzunguke, kwa sababu walishaona yuko mbali. Mtu aliyeko mita 30 akipiga filimbi ya penalti dakika za mwisho, hata nahodha mpole atamwuliza ameona nini, na swali hilo ni la haki. Kwa hiyo mimi singeanza na ukali. Ningeanza na miguu yake, kisha mkono na filimbi, na maneno ningeyaacha ya mwisho kabisa.

Wengi huamini kwamba refa huona kosa kwa sababu ana macho makali au anajua sheria. Kinachoonyesha kosa ni nafasi iliyopo kati ya wachezaji wawili. Beki anapotelezesha mguu, swali ni moja tu: je, kiatu chake kiligusa mpira kwanza au kifundo cha mwenzake? Jibu liko katika upenyo mdogo kati ya miili yao. Ukisimama nyuma ya mshambuliaji, kwenye mstari mmoja naye na beki, mgongo wake unaufunika upenyo huo wote. Unachoona ni mtu anaanguka, nawe unakisia sababu. Ukisogea hatua tatu au nne pembeni, upenyo unafunguka. Ndiyo maana ukaribu peke yake hautoshi: refa aliye mita 8 nyuma ya mgongo wa mchezaji anaweza kuona kidogo kuliko aliye mita 15 kwa pembeni.

Hili usiwaambie kwa mdomo, waonyeshe. Chukua wanafunzi wawili na mpira mmoja, mmoja awe mshambuliaji na mwingine beki, watembee tu bila kukimbia. Beki anyooshe mguu mara kumi, na kila mara achague kwa siri kama ataugusa mpira au ataigusa soksi ya mwenzake kidogo. Wengine sita wawe na karatasi. Watatu wasimame nyuma ya mshambuliaji, watatu pembeni, wote wakiwa umbali wa mita 12 hivi, na kila mmoja aandike “mpira” au “mguu” kila mara. Kisha wabadilishane mahali na mrudie mara kumi nyingine. Beki naye ana orodha yake ya kweli. Mkilinganisha karatasi mtaona waliokuwa nyuma wametofautiana hata wao kwa wao, na kila mmoja wao alikuwa na uhakika. Zoezi hili halimalizi dakika 25, nami sijapata jingine linalombadilisha refa mchanga haraka kuliko hilo, kwa sababu anajikamata mwenyewe akikosea.

Baada ya hapo watakubali kukimbia, na sasa wafundishe wakimbilie wapi. Kanuni ya msingi ni ya mshazari. Refa hafuati mpira kama mbwa anavyofuata gurudumu la bodaboda. Anakwenda kwa mstari wa kupinda kutoka karibu na kona moja ya eneo la penalti hadi kona ya pili ya mshazari ule, na mchezo ubaki kati yake na mshika kibendera wa upande unaoshambuliwa. Hivyo tukio linatazamwa na watu wawili kutoka pande mbili tofauti. Katika mchezo wa kawaida umbali wa mita 10 hadi 15 kutoka kwenye mpira unatosha. Ndani ya eneo la penalti unataka kuwa karibu zaidi, ila si katikati ya njia ya mpira. Mkiwa na mshika kibendera mmoja tu, kama ilivyo katika shule nyingi, mwambieni refa wazi kwamba kwenye nusu isiyo na msaidizi itambidi akimbie mapema zaidi.

Sasa turudi kwenye mpira ule wa kipa. Katika viwanja vyetu vya moramu, ambako mpira haukai chini, kipa hupiga mbali kila mara, na refa mchanga husimama katikati akiutazama mpira ukipita juu ya kichwa chake kama tunavyotazama ndege. Mpira unapotua yeye ndiyo kwanza anaanza kukimbia. Dawa yake ni kwamba kipa anapoudaka mpira, refa ageuze mwili na aanze kusogea kuelekea mahali mpira utakapoangukia, huku akimtazama kipa kwa bega. Anao muda wa kufanya hivyo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2025, kipa anaruhusiwa kuushika mpira kwa mikono sekunde 8, akizidisha wapinzani wanapewa kona, na refa anahesabu sekunde 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa ili kila mtu aone. Mkono ule unaweza kuinuliwa na mtu anayetembea. Wafundishe wahesabu huku wakirudi upande, na kipa atakapopiga watakuwa wameshapata mita 15 za bure. Msichana wako angezipata hizo, angepiga filimbi akiwa ukingoni mwa eneo la penalti.

Kuhusu ishara nitakuwa mfupi, maana vijana wako bila shaka wanazijua zote. Tatizo la vijana ni mpangilio na muda. Filimbi inalia, mkono unachelewa sekunde mbili, na katika sekunde hizo mbili kila mchezaji kiwanjani ameshatoa uamuzi wake mwenyewe. Mpangilio uwe uleule kila mara: filimbi, mkono, kisha mwendo. Mkono unyooshwe wote, usiwe wa kukunja kiwiko kama mtu anayeomba ruhusa, na ukae pale hadi kila mtu ameuona. Kwa penalti wanaonyesha alama ya penalti, na huku mkono ukiwa bado umenyooka wanaanza kukimbia kuelekea huko. Filimbi nayo ina sauti zake. Kosa dogo la katikati ni mlio mfupi wa wastani, penalti ni mlio mrefu wenye nguvu. Kijana anayepiga milio yote sawa anawanyima wachezaji taarifa, na anayepuliza kidogo kwenye penalti anawaambia kwamba hata yeye ana shaka. Kutoka kwa mpira kwenda goli kiki au kona ya wazi hakuhitaji filimbi hata kidogo, na kadiri filimbi inavyolia mara chache ndivyo inavyosikilizwa.

Kuna ishara moja ambayo ningekaa nayo kipindi kizima: mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Nimewaona vijana wengi wakiinua mkono juu kwa kila mpira wa adhabu, au wakiuinua kisha kuushusha kabla haujapigwa kwa sababu wamechoka. Mkono wa juu maana yake ni kwamba goli halitakubaliwa mpaka mchezaji mwingine auguse mpira, na unabaki juu mpaka auguse, au utoke nje, au iwe wazi kwamba goli la moja kwa moja haliwezekani. Refa akisahau kuuinua na mpira ukaingia golini moja kwa moja, pigo linarudiwa. Hebu fikiria kurudia pigo hilo mbele ya mabweni mawili yenye ngoma, kwa kosa ambalo ni la refa mwenyewe. Mimi yalinipata nikiwa kijana, katika mechi ya shule ambayo sitaitaja, na hadi leo mkono wangu wa kulia huinuka wenyewe.

Tuje kwenye wale wachezaji saba. Msichana wako alifanya mambo mawili ambayo watu wema hufanya: alirudi nyuma na alieleza. Yote mawili huvuta kundi. Anayerudi nyuma anaacha nafasi mbele yake, na kundi huijaza. Isitoshe, wengine hupita pembeni mpaka akawa hana pa kwenda. Anayeeleza naye anafungua mjadala, kwa kuwa kila sentensi anayoitoa mchezaji ana ya kwake ya kujibu. Sheria haimtaki refa aendeshe kikao pale. Afanye hivi: akishapuliza na kunyoosha mkono, akimbie kwa upande hadi mahali peupe, kwa penalti ni kama pembeni mwa eneo la penalti karibu na mstari wa goli, ageuke awatazame wote wakija kutoka mbele. Kiganja kimoja mbele, kwenye usawa wa kifua, kisimguse mtu. Kisha aseme, “Nahodha peke yake.” Nahodha akifika anaambiwa sentensi moja inayotaja alichokiona: “Beki amegusa mguu kabla ya mpira.” Baada ya hapo ananyamaza na kuanza kupanga pigo, kwa sababu kazi inayoendelea ndiyo inayomaliza mjadala.

Kanuni ya nahodha peke yake siyo ya kubuni. Bodi ya sheria za mpira duniani imeshatoa mwongozo wake, na kuanzia mwaka 2025 mashindano yanaweza kuuchagua. Iwekeni katika kanuni zenu na muisome mbele ya timu zote kabla ya mechi ya kwanza, mkikumbuka kwamba kipa akiwa ndiye nahodha inabidi mchezaji mwingine wa ndani ateuliwe, la sivyo atakuwa anatoka golini kila mara. Ipo njia nyingine, ya kumtoa nje kwa muda mchezaji anayepinga kwa ukorofi, ambayo sheria inairuhusu katika soka ya vijana. Muda wake ni asilimia 10 hadi 15 ya mechi, yaani kwa mechi ya dakika 50 ni dakika 5 hadi 7 hivi. Mimi naipenda, kwa sababu mchezaji anaadhibiwa leo badala ya kuhesabiwa kadi za mashindano mazima. Lakini inahitaji mtu mzima mwenye saa pembeni na vijana waliokwisha kuizoea. Kwa wiki tatu ulizo nazo, chukua ya nahodha na uiache hii kwa muhula ujao.

Kadi zinakuja baada ya hapo, na hapa vijana hukosea kwa pande mbili. Mchezaji anayeshika kichwa na kulia “Refa!” kisha akaondoka ameumia moyoni tu, aachwe. Anayeuliza apewe ile sentensi moja kupitia nahodha. Anayeendelea kubisha kwa maneno au kwa mikono, au anayemkimbilia refa kutoka mbali, anaonyeshwa kadi ya njano kwa kupinga uamuzi, na ni vizuri awe yule wa kwanza kufika, siyo yule mnyonge aliyekuwa karibu. Anayetukana ni nyekundu. Lakini hapa kwetu kuna ugumu wake: watoto watapinga kwa Kilugbara, kwa Kimadi, kwa Kiganda, kwa Kiingereza, na refa hataelewa yote. Mwambie asitoe adhabu kwa neno asilolielewa, atoe kwa alichokiona, kwa sababu mikono na uso havihitaji mkalimani.

Niongeze jambo moja kuhusu lugha, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Unajua kwamba wazee wengi wa nchi hii walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa askari, kwa sauti ya amri. Vijana wamerithi sikio hilo. “Toka hapa!” ya refa mwanafunzi itasikika kama kizuizi cha barabarani, wakati “Nahodha, nakuomba hapa,” kwa sauti ya chini, inafanya kazi ileile bila kumwasha mtu. Huo ndio ukali ninaoujua mimi.

Haya yote yafanyiwe mazoezi kama mnavyofanyia kona. Wiki ya kwanza msiguse filimbi, iwe ya miguu na lile zoezi la karatasi. Wiki ya pili filimbi na mikono katika mechi fupi za nusu kiwanja. Wiki ya tatu leta wapingaji: wachezaji sita wamepangwa kumkimbilia refa baada ya kosa fulani, na yeye ana sekunde 30 tangu filimbi hadi pigo kupigwa. Anza na wapingaji wawili wanaouliza kwa upole, kisha wanne, kisha sita wenye kelele. Mara moja au mbili panga refa awe amekosea kweli na mshika kibendera ameona. Hii ni muhimu, kwani wanafunzi wengi hudhani uamuzi ukishatolewa haubadilishwi. Sheria inamruhusu refa kubadilisha akigundua mwenyewe kwamba amekosea, au akishauriwa na mwamuzi mwenzake, ilimradi mchezo haujaanza tena. Tofauti iko katika chanzo: akimwendea mshika kibendera, wakazungumza wawili, akarudi na kona, amechezesha vizuri. Akibadilisha kwa sababu ya wingi wa midomo, kila kosa litakalofuata litakuwa na midomo zaidi.

Kuna mambo mawili ambayo mazoezi hayayatatui, na haya ni ya kwako, mwalimu, siyo ya mtoto. La kwanza ni walimu wenzako walio pembeni mwa kiwanja. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu viongozi wa timu kuonyeshwa kadi, lakini usimtarajie mwanafunzi ampe kadi mwalimu atakayemsahihishia mtihani wiki ijayo. Weka mtu mzima mmoja kati ya mabenchi mawili, kazi yake iwe kuwanyamazisha watu wazima, naye asiingilie uamuzi wowote wa kiwanjani. La pili ni bweni. Refa wako anarudi kulala chumba kimoja na aliyempa kadi ya njano saa kumi jioni. Asichezeshe mechi ya bweni lake, asichezeshe darasa lake kama inawezekana, na matokeo na kadi zitangazwe na wewe, kwa jina la kamati, ili ugomvi ukitaka mtu umtafute wewe.

Uliniambia zimebaki wiki tatu, nami sitakudanganya kwamba yote yatakaa. Kuotea ndiko kutakakowasumbua zaidi, kwa sababu mshika kibendera lazima awe sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, au na mpira ukiwa karibu zaidi na mstari wa goli, kila sekunde, na hilo halifundishiki kwa maandishi. Kwa hilo tafuta mkufunzi kupitia chama cha waamuzi cha wilaya yako, hata kwa siku moja, aje akimbie nao kwenye mstari. Mwanafunzi anayekosea mambo ya mbali hata akiwa amesimama vizuri apelekwe akapimwe macho kabla hujamlaumu. Na mchezaji au mtazamaji akimgusa refa mwanafunzi au akimtishia, mechi isimame hapohapo, mtoto atolewe na mtu mzima, na suala liende kwa mwalimu mkuu jioni hiyohiyo. Hilo halimalizwi na mtoto kwa kadi.

Kuhusu msichana wako, usimpe filimbi Jumamosi hii. Mpe kibendera katika mechi ya S1, kisha mpeleke kiwanjani mkiwa wawili tu, siku isiyo na mechi. Usimwulize kwa nini alibadilisha uamuzi. Mwombe asimame pale alipokuwa wakati kipa anapiga, halafu wewe usimame alipoangukia mshambuliaji, mtazamane. Mwachie ahesabu mwenyewe hatua. Kisha rudini, kipa wa kufikirika aushike mpira, naye aanze kusogea huku akihesabu kwa mkono. Akifika ukingo wa eneo la penalti kabla mpira haujatua, mwulize sasa anaona nini. Ikiwa baada ya hapo bado hataki, au ukisikia halali vizuri au anakwepa kula na wenzake, basi hilo siyo la mpira tena. Mkabidhi kwa mwalimu mlezi wa wasichana, na kibendera kinaweza kusubiri.